Bidhaa 6 kati ya 60 zinaleta 81% ya mauzo ya duka langu. Hizi 54 nizifanyeje?

Kihonda Vifaa

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Mtaji umebana: mteja akitaka nondo nyingi kwa mkupuo sina, huku rafu zimejaa vitu ambavyo vumbi linavijua kuliko wateja. Nimeamua nijue ni bidhaa zipi hasa zinazonilisha.

Nimechukua daftari la mauzo kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, nikajumlisha kila bidhaa peke yake, nikaipanga kuanzia iliyouza zaidi kushuka chini. Jumla ya mauzo ni milioni 60. Halafu nikatafuta asilimia limbikizi, yaani ya kwanza peke yake, kisha ya kwanza na ya pili pamoja, na kuendelea hivyo. Imetoka hivi:

Saruji 21,000,000, ambayo ni 35%
Nondo 10,800,000, tunafika 53%
Bati 7,200,000, tunafika 65%
Rangi 4,200,000, tunafika 72%
Mabomba ya plastiki na viungio vyake 3,000,000, tunafika 77%
Misumari 2,400,000, tunafika 81%
Nyaya za umeme 1,800,000, tunafika 84%
Vitasa na bawaba 1,200,000, tunafika 86%
Nyingine zote 52 kwa pamoja 8,400,000, ndiyo 100%

Nimekuwa nikisikia kuhusu themanini kwa ishirini, yaani 20% ya bidhaa huleta 80% ya mauzo, lakini hapa bidhaa 6 kati ya 60, yaani 10% tu, zinavuka 80% ya mauzo. Swali langu: niuze kwa bei ya hasara hizi 54 zilizobaki, fedha yote niizamishe kwenye hizi 6?

Mtaji Unazunguka

Mkuu, jibu unalo mkononi. Bidhaa 54 zinakuletea 19% ya mauzo na zinakula nafasi, zinakula muda wa kuhesabu stoo, na zinashika fedha. Punguza kwa nguvu. Mimi nilikuwa na duka la spea za pikipiki, nikabaki na matairi, betri, mnyororo na oili, nikapumua. Saruji na nondo ndiyo duka lako, hayo mengine ni mapambo.

Mzee wa Gairo

Vijana, mimi hii themanini kwa ishirini naitumia siku zote. Kila bidhaa naongeza ishirini juu ya bei niliyonunulia. Ukinunua kwa 10,000 unauza 12,000. Usishuke hapo. Saruji nayo mpe mteja kwa ishirini, atazoea.

Rehema K

Shikamoo mzee. Anachouliza mwenye uzi si kiasi cha kuongeza juu ya bei. Anaangalia bidhaa chache zinachangia sehemu gani ya mauzo yote. Na saruji ukiiongezea ishirini huku jirani anaongeza nne, mteja hatazoea, atavuka barabara.

Mzee wa Gairo

Marahaba. Nimekuelewa binti. Lakini na hiyo nne anayopata kwenye saruji aiangalie vizuri.

Mkaguzi wa Stoo

Mzee ameligusa jambo lenyewe. Kihonda Vifaa, kazi yako ni nzuri na hesabu ziko sawa, ila umepanga kwa mauzo, wakati unachokula wewe nyumbani ni faida. Ongeza safu moja: kwa kila bidhaa, mauzo ukitoa gharama ya kuinunua mpaka ikafika dukani. Nasisitiza mpaka ikafika dukani. Kwenye saruji weka nauli ya gari, wapakuaji, na mifuko iliyopasuka au kuganda. Ukiandika bei ya wakala peke yake, saruji itaonekana ina faida isiyokuwepo.

Kwa wanaotaka kufanya kama yeye kwenye lahajedwali: safu ya A jina, B kiasi. Panga kwanza kwa B kutoka kubwa kwenda ndogo, ndipo uandike fomula, halafu uziburute mpaka mstari wa mwisho. Kwa bidhaa 60:

```
C2: =B2/SUM(B$2:B$61)
D2: =SUM(C$2:C2)
```

Alama ya dola ndiyo inayoshikilia mwanzo wa jumla usitembee. Unapopanga, chagua safu zote mbili kwa pamoja. Wapo wanaochagua B peke yake: namba zinahama, majina yanabaki, na bila kujua unaanza kuagiza msasa kwa nguvu ya saruji. Ukimaliza, kagua mawili: mstari wa mwisho wa D usome 100%, na hatua kutoka mstari mmoja kwenda wa pili iwe inapungua au inalingana, isiongezeke hata mara moja. Ikiongezeka, mpangilio umevurugika.

Kihonda, ninakuuliza pia: hayo mauzo ya kila bidhaa umeyapataje? Daftari la kuuzia huwa linaruka vitu vidogo.

Kihonda Vifaa

Kweli linaruka. Vitu vidogo kijana wangu haandiki kila kimoja, anaandika "vifaa mbalimbali". Kwa hivyo kwa vidogo nilichukua stoo ya mwanzo wa Juni, nikajumlisha niliyonunua, nikatoa iliyobaki mwisho wa Agosti. Tofauti nikaizidisha kwa bei ya kuuzia. Risiti za mashine ya EFD hazikunisaidia kwa hilo, zinanipa jumla ya siku tu kwa sababu hatuingizi bidhaa moja moja.

Faida hii hapa, nimeweka nauli na upakuaji:

Saruji 840,000
Nondo 648,000
Bati 576,000
Rangi 756,000
Mabomba na viungio 900,000
Misumari 480,000
Nyaya 396,000
Vitasa na bawaba 360,000
Nyingine 52 kwa pamoja 2,544,000
Jumla 7,500,000

Mkaguzi wa Stoo

Njia yako ya stoo ni nzuri, mradi ujue kwamba kilichoibiwa, kilichovunjika na kile fundi alichochukua kwa ahadi vyote vinahesabiwa humo kama vimeuzwa. Kwa misumari na viungio si kidogo.

Sasa tazama kilichotokea. Zile 6 zilizokuwa 81% ya mauzo zinaleta 4,200,000 ya faida, yaani 56%. Lile fungu la "nyingine" lililokuwa 14% ya mauzo linaleta karibu 34% ya faida. Ukifuata ushauri wa kuzifuta 54, unatupa shilingi 44 katika kila 100 ya faida ili kuokoa nafasi ya rafu.

Panga upya kwa faida na wa kwanza si saruji tena. Mabomba na viungio ndiyo yanaongoza kwa 12%, saruji inafuata na kutufikisha 23.2%, rangi inatufikisha 33.3%, nondo karibu 42%. Mstari unapanda polepole mno kuliko ule wa mauzo. Duka lako kwa mauzo limesimama juu ya bidhaa tatu, kwa faida limetawanyika. Hayo ni maduka mawili tofauti ndani ya mlango mmoja, na kila moja lina namna yake ya kuliongoza.

Hapo pia inaonekana kwa nini namba 80 na 20 zenyewe si sheria. Pareto, yule mchumi wa Italia ambaye kanuni hii inaitwa kwa jina lake, alikuwa akichunguza mgawanyo wa mapato na mali za watu, hakuwa na habari ya maduka. Aliyelichukua jina lake na kulipeleka viwandani miaka ya 1940 ni Joseph Juran, mhandisi wa Marekani mzaliwa wa Romania, aliyekuwa akitafuta kasoro chache zinazoleta hasara nyingi. Mwanzoni Juran alisema kuna vichache muhimu na vingi visivyo na maana. Baadaye akabadili, akasema vingi vyenye manufaa. Alikuwa na sababu, na fungu lako la 52 linamuunga mkono.

Nyundo Tatu

Mimi si mfanyabiashara, ni fundi bomba, naongea kama mteja wenu. Nikiwa na kazi ya nyumba nzima naandika orodha: mabomba, elbo, tii, soketi, gundi, tepu, koki. Nikifika dukani kwako nikakosa elbo ya nusu inchi, sinunui mabomba kwako halafu nikatafute elbo kwingine. Naenda kwa mwenye vyote. Na mwenye nyumba akiniuliza saruji achukue wapi, namwelekeza huko huko nilikopata elbo. Kwa hiyo hiyo elbo ya mia tano msiipime kwa mia tano yake.

Mtaji Unazunguka

Hilo la fundi nalikubali. Lakini mkaguzi, bado hujanijibu kuhusu mzunguko. Saruji ina faida ndogo kwa mfuko, ila inaingia wiki hii, wiki ijayo imeisha. Kitasa kinakaa miezi. Fedha ileile kwenye saruji inazaa mara nyingi. Kihonda, wastani stoo yako ya saruji ina thamani gani, na vitasa je? Kwa bei ya kununulia.

Kihonda Vifaa

Saruji wastani inalala 1,500,000. Vitasa na bawaba 1,800,000. Mabomba na viungio kama 2,000,000.

Mtaji Unazunguka

Mmeona? Saruji: faida 840,000 kwa fedha iliyolala 1,500,000, ni shilingi 56 kwa kila 100 ndani ya miezi mitatu. Mabomba 45 kwa 100. Vitasa 360,000 juu ya 1,800,000, shilingi 20 tu kwa 100. Kwa hiyo saruji imerudi kileleni, na vitasa ndivyo vinavyomnyonga.

Mkaguzi wa Stoo

Hapo uko sahihi na ninafurahi umelileta. Vitasa alivyouza kwa miezi mitatu vilimgharimu 840,000, wakati stoo ina 1,800,000. Kwa mwendo huo ana vitasa vya zaidi ya miezi sita. Saruji ameizungusha zaidi ya mara 13 katika muda huohuo, karibu kila wiki.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye hatua inayofuata. Saruji kuzaa 56 kwa 100 hakumaanishi kwamba ukiongeza milioni 2 kwenye saruji zitazaa 56 kwa 100. Inazunguka kila wiki kwa sababu ameagiza kiasi kinachoisha kwa wiki. Akiagiza mara mbili bila wateja kuongezeka, anapata mifuko iliyolala mara mbili na mauzo yaleyale, na saruji ikipata unyevu inaganda. Nondo ni tofauti, kwa sababu yeye mwenyewe amesema wateja wanakuja anazikosa. Fedha ikitoka kwenye vitasa, iende pale palipo na mteja aliyerudi mikono mitupu.

Na vitasa asivifute. Ahesabu ndani ya vitasa. Kihonda, una aina ngapi?

Kihonda Vifaa

Aina 14. Zinazotoka kwa kweli ni kama tatu.

Mkaguzi wa Stoo

Basi kumbe huna bidhaa 60. Ulichoita "vitasa na bawaba" ni mstari mmoja kwenye daftari wenye bidhaa 14 za vitasa ndani yake, bado bawaba. "Mabomba na viungio" huenda ni thelathini. Lakini msasa na brashi umeviandika kila kimoja peke yake. Hili watu hawaliangalii kabisa: ukiunganisha, bidhaa inapanda juu, ukitenganisha, inashuka. Mabomba yameshika nafasi ya kwanza kwa faida kwa sehemu fulani kwa sababu ni fungu, wala si bidhaa. Hata ile 10% yako imetokana na namna ulivyochora mistari.

Kanuni ninayotumia ni kuandika kwa kiwango unachoagizia. Kama unapoagiza unasema "niletee elbo za nusu inchi 200", basi elbo ya nusu inchi ni mstari wake. Kama rangi unaagiza kwa kopo na kwa aina, andika hivyo. Anza na lile fungu la 52, kwa kuwa ndimo ilimojificha theluthi ya faida yako.

Mwana Likoni

Ndugu zangu, samahani nawaingilia, mimi niko Mombasa, nina duka dogo la vyakula na pia ni wakala wa fedha kwa simu. Kwa mwezi nauza bidhaa kama shilingi 300,000 za Kenya. Zile za kuweka na kutoa kwa simu zinapita 900,000. Nikizipanga kama alivyofanya huyu kaka, uwakala unatoka 75% ya kila kitu, unga na sukari havionekani. Je, ndiyo kusema duka langu ni uwakala?

Rehema K

Dada, hiyo 900,000 si mauzo yako, ni fedha za watu zinapita mikononi mwako. Kamisheni unapata ngapi?

Mwana Likoni

12,000 hivi kwa mwezi. Na kwenye bidhaa nikitoa gharama nabaki na kama 36,000.

Mkaguzi wa Stoo

Basi kwenye safu ya mauzo uwakala unaingia kwa 12,000, ambayo ni chini ya 4% ya 312,000. Kwenye safu ya faida ni 12,000 katika 48,000, robo nzima. Duka lako si uwakala, lakini robo ya pato lako inatoka hapo. Kumbuka nayo inahitaji fedha ya kuendeshea iliyokaa muda wote, sehemu kwenye simu na sehemu taslimu. Ihesabu kama stoo, kama Mtaji alivyofanya kwa saruji.

Mwana Likoni

Ahsante sana. Nitaipanga tena hivyo.

Kihonda Vifaa

Nimerudi wakuu. Imenichukua usiku kucha na kijana wangu. Bado sijatenganisha mabomba wala vitasa, nimeanza na zile 52 kwa faida.

Zilizojitokeza ni tano: gundi ya bomba, koki, swichi na soketi za ukutani, brashi na rola za rangi, na wavu wa madirisha. Tano hizo kwa pamoja zina faida ya 1,050,000. Nikizijumlisha na zile nane za juu napata 6,006,000, yaani 80% ya faida kwa bidhaa 13. Zilizobaki 47 zinagawana 1,494,000, wastani haifiki 32,000 kila moja kwa miezi mitatu.

Rehema K

13 kati ya 60 ni karibu 22%. Kumbe themanini kwa ishirini ilikuwepo, ilikuwa upande wa faida.

Mkaguzi wa Stoo

Imeangukia hapo, lakini akitenganisha vitasa na mabomba itahama tena, kwa hiyo tusiishangilie namba. Jambo la maana ni kwamba gundi na koki zimetoka kwenye giza. Nadhani hakuna aliyewahi kuzipigia simu kuziagiza kabla hazijaisha.

Kabla hujagusa zile 47, ziweke mafungu matatu. La kwanza ni zile anazosema Nyundo Tatu, ndogo zinazobeba oda kubwa: misumari ya bati inayofuata bati, tepu inayofuata koki, waya wa kufungia nondo. Hizo haziondoki hata zikiwa mwisho wa orodha. La pili ni zile ambazo hazikuwepo dukani sehemu ya muda huo. Bidhaa isiyokuwepo haiuzi, na hesabu hii itaihukumu kana kwamba haina mteja. Zinazobaki baada ya hapo, ambazo zilikuwepo miezi yote mitatu na hazikuuza na hakuna anayezinunua pamoja na kitu kingine, ndizo za kuuza kwa bei ya kununulia na kutoziagiza tena.

Kihonda Vifaa

La kuisha linanigusa: nyaya ziliisha kwa wiki tatu mwezi Julai, msambazaji alichelewa.

Mkaguzi wa Stoo

Miezi mitatu ni wiki 13, kwa hiyo uliziuza wiki 10. 1,800,000 kwa wiki 10 ni 180,000 kwa wiki. Zingekuwepo wiki zote zingefika kama 2,340,000, na kwa faida yako ya 22% hiyo ni karibu 515,000. Zingeipita misumari. Ni makadirio, maana wengine huenda walisubiri wakaja kununua zilipofika. Ila andika tarehe kila kitu kinapoisha. Bila tarehe hizo huwezi hata kukadiria.

Nyundo Tatu

Na msisahau majira. Juni mpaka Agosti ni kiangazi, watu wanajenga. Masika mambo yanabadilika: msingi unasimama, lakini watu wanakimbilia bati na kuziba paa zinazovuja. Orodha ya Aprili haitafanana na hii.

Mtaji Unazunguka

Kweli, mimi ningerudia hesabu hii kila baada ya miezi mitatu na kulinganisha nani amepanda na nani ameshuka. Lakini bado nashikilia: kwa duka lenye mtaji mdogo, ningepanga kwa faida kwa kila shilingi iliyolala, si kwa faida tupu. Mkaguzi ataniambia vingine.

Mkaguzi wa Stoo

Sikwambii vingine sana. Kwa anayebanwa na mtaji, safu yako ndiyo inayoonyesha pa kutoa fedha. Kwa kuonyesha pa kuiweka, siiamini, kwa sababu ile ya saruji niliyoeleza. Tunaweza kubaki hapo.

Rehema K

Naomba kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Duka la vifaa mafundi na wakandarasi wanakopa. Katika hizo milioni 21 za saruji, Kihonda, ni kiasi gani hakijalipwa mpaka leo? Maana faida ya saruji yote ni 840,000. Mkandarasi mmoja mwenye deni la laki nane na nusu akipotea, ameondoka na faida ya robo mwaka nzima.

Kihonda Vifaa

Daftari la madeni liko peke yake na halionyeshi nani alichukua bidhaa gani, linaonyesha jumla ya mtu tu. Najua sehemu kubwa ni saruji na nondo, maana ndizo zinazokopwa. Viungio na koki watu hulipa hapohapo.

Rehema K

Hilo peke yake linaweza kupanga orodha yako upya. Ukiweza, kuanzia mwezi huu andika bidhaa kwenye kila deni, kisha utoe yale yaliyopita siku 90 kwenye faida ya bidhaa husika.

Mkaguzi wa Stoo

Hapo mimi ningetumia wastani wa muda wa kulipwa, si kutoa deni lote, kwa sababu wengi hulipa mwishowe. Deni la siku 60 kwenye saruji linaua ule mzunguko wa wiki moja tuliousifia hapo juu: fedha imetoka stoo lakini haijarudi sandukuni. Lakini kuchagua kati ya njia hizi mbili kunahitaji tarehe za malipo, na hizo hazipo bado. Kihonda, zianze kuandikwa, kisha uzilete hapa mwezi wa kumi na mbili.